Sauti Iliyolala

Mume wa fundi cherehani aliitwa Kipaza, kwa sababu maisha yake yote ya kazi alitangaza mabasi kwenye stendi kuu. Alikuwa na sauti ya kupanda na kushuka, hata aliyesinzia kwenye benchi alijua kama anatangaza kwamba basi linaondoka au anauliza kama linaondoka. Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kushoto ukawa mzito, mdomo ukapinda kidogo. Maneno yalibaki yote, na nyumba nzima ikashukuru. Hakuna aliyegundua kwamba sauti imelala.

Asubuhi moja, mkewe akimfunga vifungo vya shati, Kipaza alisema, "Umechoka na mimi."

Mwanamke akaviacha vifungo. "Mimi ndiye ninayekuogesha, ninayekulisha, leo nimechoka na wewe?"

"Umechoka," akasema tena, kavu, kama anayesoma tangazo.

Maneno yale yakamwingia moyoni, yakakaa. Kuanzia siku ile fundi alimhudumia mumewe bila neno la ziada, na godoro lake akalihamishia chumba cha cherehani. Kila mume alipofungua mdomo, yeye alisikia lawama tu. "Umekasirika." "Unaondoka." Naye alijibu kwa kukanyaga pedali, cherehani ikanguruma mpaka mzee akanyamaza.

Kijana wao mkubwa, mchomeleaji wa vyuma, alikuwa ameondoka nyumbani kwa ugomvi na baba yake, na kwa miaka hakukanyaga. Habari za kiharusi zilimlainisha. Alipiga simu akasema anafikiria kuja. Fundi aliifungulia simu spika, akaishika mbele ya mumewe, uso ukimng'aa kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Huji," Kipaza akasema.

Kijana akajibu papo hapo.

"Haya, baba. Kama ndivyo unavyotaka, siji." Simu ikakatika.

Mzee aliitumbulia macho ile simu, machozi yakimlenga. Fundi akamwambia kwa uchungu, "Umemfukuza mwanao, halafu unalia?"

Kliniki ya mazoezi ya usemi walikwenda wakiwa wamenuniana. Mtaalamu, mwanamke mwenye miwani na uvumilivu, alimwomba Kipaza aseme "Mama amefika" kama habari, kisha aulize maneno hayohayo. Fundi akaambiwa ageukie ukutani, abahatishe ipi ni ipi.

Akasikiliza. Ya kwanza ilishuka mwishoni. Ya pili ilishuka vilevile.

"Zote habari," akasema.

"Moja ilikuwa swali," mtaalamu akamjibu, kisha akatamka mwenyewe. "Mama amefika. Mama amefika? Umesikia? Maneno hayajabadilika hata moja. Kwenye habari sauti inateremka mpaka chini. Kwenye swali inakaa juu, na inainuka hasa pale kwenye 'fi', penye mkazo. Usipoweka 'je', sauti ndiyo inayobeba swali zima. Kiharusi chake kimegusa upande wa kulia wa ubongo. Maneno yamepona, ule mwinuko ndio umekwenda."

"Lakini akiuliza dawa iko wapi, mbona namwelewa?"

"Kwa sababu 'wapi' yenyewe inakuambia ni swali."

Fundi akageuka polepole. "Baba watoto, siku ile ya shati. Ulikuwa unaniuliza?"

"Nilikuuliza," Kipaza akasema, sauti bapa. "Mara mbili. Hukunijibu."



Jioni hiyohiyo alimpigia kijana, akamweleza kila kitu, maneno yakigongana.

"Mama, wewe unamtetea siku zote. Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Ulisikia maneno, mwanangu. Alitaka kujua kama huji."

"Nitaona," kijana akasema.

Aliona wiki zikapita, hakuja. Nyumbani, Kipaza alijizoeza kutanguliza "je" kila alipouliza, na fundi akarudisha godoro lake mahali pake. Waliongea kidogo kidogo, kama watu wanaojifunza kutembea gizani. Kisha kiharusi cha pili kikaja, kikachukua na maneno pia, na baada yake Kipaza mwenyewe.

Kijana alifika siku ya mazishi, suruali yake ikiwa na matundu ya cheche. Watu walipotawanyika alimkuta mama yake kwenye chumba cha cherehani, amekaa tu.

"Mama. Baba alinisamehe."

Kilio kilikuwa kimemkaba, sauti yake haikupanda wala kushuka. Mama akamtazama usoni.

"Unaniambia, au unaniuliza?"

"Nakuuliza."

Fundi alitamani kusema ndiyo. Alilitafuta neno la msamaha, lakini hakuwahi kulisikia kwa mumewe.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Alitaka uje. Hilo ndilo ninalolijua."