Kiapo cha Dole Gumba la Kushoto

Kiwandani walimwita Makali, na hakuna aliyesema wamemsingizia. Miaka kumi na moja alisimama kwenye mstari wa nyama, glavu ya chuma mkono wa kushoto, kisu mkono wa kulia, akitoa mfupa kwenye paja la ng'ombe kabla jirani yake hajamaliza kupiga chafya. Ulimi wake nao ulinolewa hukohuko. Msimamizi mmoja aliwahi kumpapasa kiuno. Msimamizi huyo alitembea na bandeji wiki tatu akidai ameanguka kwenye ngazi.

Huyu ndiye dada ambaye kaka mtu aliamua kumdhulumu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Baba yao alifia nyumbani, mbali na kiwanda hicho cha ughaibuni, akaacha nyumba moja ya vyumba vinne, na hati ilikuwa na jina lake peke yake. Mama yao alikuwa anaishi humo. Kabla udongo haujakauka kaburini, kaka alikwenda mahakamani kuomba awe msimamizi wa mirathi, akaandika kwamba warithi wote wameridhia. Jioni akatupa sufuria za mama uani, akamwambia aanze kufunga mizigo kwa sababu mnunuzi ameshaiona nyumba na kuipenda. Mama akaenda kulia kwa hakimu. Hakimu akasema anataka kusikia na binti aliye ughaibuni, kwa hati ya kiapo, siyo kwa simu wala kwa ujumbe wa kuletewa na jirani.

Makali akaapa mara moja, na haraka yake ikamponza. Alikula kiapo mbele ya mthibitishaji wa hati, yule wakili mwenye muhuri, akatoka hapo mbio kwa mtafsiri aliyeapishwa, kisha ndipo akaipeleka karatasi wizara ya mambo ya nje ibandikwe cheti cha kuthibitisha kwamba muhuri wa wakili ni wa kweli. Cheti kikaja baada ya tafsiri. Karani wa mahakama kule nyumbani akarudisha bahasha yote: hiki cheti kimeandikwa lugha ya watu, hakimo kwenye tafsiri, hakimu atakisoma na macho ya nani? Aanze upya, tangu kiapo. Kesi ikasogezwa mwezi mmoja. Na kwa kuwa kaka ndiye mwombaji, alipewa nakala. Hapo akajua dada yake anampinga, akapanda basi la siku mbili kumfuata.

Aliingia na fomu ya kuridhia mkononi, akaiweka kwenye meza ya jikoni.

"Mdogo wangu, saini hapa. Mambo ya familia hayataki mihuri ya wageni."

"Na mama ataenda wapi, kaka?"

"Mama niachie mimi. Wewe ulishaolewa na kisu, nyumba ya nini?"

Makali akaichana fomu vipande vinne, akampa. Kaka alimkamata kifundo cha mkono wa kulia, akamburuta hadi mlangoni, akaubana mkono kwenye fremu na kuusukuma mlango kwa bega lake lote. Kisha akaufungua, akausukuma tena.

Mtu aliyetoa mifupa miaka kumi na moja anajua mfupa ukivunjika unaliaje. Alisikia vidole kabla ya kusikia maumivu.

"Basi hutasaini chochote," kaka akasema, akihema.

Maumivu yalipofika, yalifika na hasira, na hasira ikatangulia. Mkono wa kushoto ulichukua kisu kwenye beseni. Hakikuwa kisu cha mkate. Alimwendea akitaka kumchinja. Tusidanganyane, alitaka kumchinja, na alijua pa kuanzia. Ncha ilipasua koti kuanzia begani hadi kiunoni kabla kaka hajaruka ngazi. Alikimbia koti likining'inia, na wapangaji wa chini walisema hawajawahi kumwona mwanaume anapiga mayowe ya namna ile. Makali akakaa kwenye ngazi, kisu mapajani.

Hospitali walimfunga plasta hadi kwenye kiwiko. Daktari alisema vidole vitatu havitafumba tena vizuri. Makali aliuliza tu leo ni siku gani. Alikuwa na miadi na mthibitishaji kesho yake, na kesi ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Ofisi ya mthibitishaji ilikuwa juu ya duka la miwani, vyumba viwili vyenye harufu ya wino na zulia kuukuu. Mtafsiri, mama mnene asiyecheka, alikaa kati yao, akiwa mkalimani wa siku hiyo. Mthibitishaji alitazama kitambulisho, akatazama uso, akatazama plasta.

"Utasainije?"

"Nina dole gumba jingine."

Alifikiri kidogo, akasema sheria inaruhusu. Ila watahitajika mashahidi wawili wasio na maslahi kwenye mirathi, na yeye ataandika kwenye cheti chake kwamba mwapaji hakuweza kusaini na kwa nini. Waliitwa fundi wa miwani na msichana wa mapokezi.

"Kwa nini huwezi kusaini?"

"Kaka yangu alinivunja kwa mlango ili nisiape."

Mkalimani alisita. Makali akamwambia, "Mama, usinipunguzie hata neno." Akalipitisha lote.

Mthibitishaji akaweka kalamu chini. "Kwenye cheti changu nitaandika kwamba mkono una plasta, maana hilo naliona. Aliyeuvunja sikumwona. Ukitaka kulisema hilo, liingie kwenye kiapo chako, useme wewe. Na ukiapa uongo, unafungwa wewe."

"Liingize."

Likaingia, aya ya saba. Mkalimani akamsomea kiapo chote kwa Kiswahili, tangu mwanzo hadi mwisho: kwamba hakuridhia kamwe, kwamba anataka mama awe msimamizi, na aya ya saba. Akaapa. Fundi wa miwani akamshika kiganja cha kushoto kwa upole, kama anayeshika kioo, dole likaingia kwenye wino na kugandamizwa. Mashahidi wakasaini, muhuri ukapigwa.

Safari hii hakukimbilia tafsiri. Alisubiri siku nne za wizara, cheti kikabandikwa, ndipo mtafsiri akatafsiri kila kitu: kiapo, maneno ya mthibitishaji, mihuri, cheti, hata yale maneno "alama ya dole gumba la kushoto". Akashona kurasa zote pamoja, akagonga muhuri wake. Bahasha ikafika siku sita kabla ya kesi.

Siku ya kesi, Makali alikaa na simu. Iliita adhuhuri.

Kaka, mama alisimulia, alisimama na tai mpya akamwambia hakimu kwamba dada yake ana kazi nyingi, ameshindwa kusaini, ila moyoni ameridhia. Hakimu akasema, "Karatasi yake ninayo." Akamwamuru karani aisome kwa sauti. Ilipofika aya ya saba, kaka alitaka kutoka. Askari wa mlangoni akamzuia. Mama alivua kiatu akampiga nacho usoni hadi pua ikatoka damu, na hakimu alingoja apigwe cha tatu ndipo akagonga meza. Mama ndiye msimamizi sasa. Kaka yuko kituoni anaandika maelezo.

"Umeshinda, mama," Makali alisema.

Mama alikuwa analia, na alilia muda mrefu.

"Alirudi kutoka kwako na koti limechanika," alisema. "Akasema amenaswa na mlango wa basi. Nikalishona, mwanangu. Nilikaa usiku mzima nalishona."