Viboko Visivyokuwa kwenye Invoisi

Nilisoma hadi darasa la tatu, na hilo silioni aibu. Kwa mikono hii nimejenga nyumba ya mawe kule nyumbani Ukambani, nimesomesha watoto wanne, na karakana yetu ya uchongaji hapa Eastlands ina watu kumi na wanane wanaoniita mwenyekiti. Lakini kuna Alhamisi moja ambayo kidogo niwapotezee hao kumi na wanane kazi ya miezi mitatu, na kosa lilikuwa langu peke yangu. Nalisimulia kwa sababu kuna wengine wanaofanya kosa hilohilo hadi leo, nao wanajidhani wakarimu.

Tulikuwa na mnunuzi Ujerumani, mama mwenye kibanda katika soko la Krismasi la mji wao. Oda yake ilikuwa jozi mia moja na hamsini za miiko ya saladi, bakuli arobaini na vinyago vidogo mia moja vya viboko, wale wanyama wa mtoni, vyote vya mti wa jakaranda. Soko lenyewe lilikuwa linafunguliwa Jumatatu. Alinipigia simu mwenyewe, kwa Kiingereza chake na changu, tukaelewana: mzigo upande ndege ya Ijumaa alfajiri, ukichelewa hautaki tena, na mwaka ujao atanunua kwingine. Hakunitisha. Aliniambia tu jinsi biashara yake ilivyo.

Ili kupanda ndege hiyo, mzigo ulitakiwa uwe umepita forodha kabla ya saa kumi jioni ya Alhamisi.

Tulikuwa na wakala wa forodha, binti mwenye ofisi ya chumba kimoja Industrial Area, mkali kama tezo. Mara ya kwanza kufanya naye kazi nilimletea invoisi niliyochapishiwa kwenye saiba, kibanda cha kompyuta kule soko la Muthurwa. Ilikuwa imeandikwa “Vinyago mbalimbali, masanduku manne,” na jumla chini. Aliitazama, akaigeuza kuona kama upande wa pili kuna kitu.

“Mzee, hii ni barua ya mapenzi ama ni invoisi?”

“Vitu si vimeandikwa hapo?”

“Vinyago mbalimbali ni kitu gani? Mtu wa forodha hajui kama ni twiga ama ni mlango. Andika ni nini, cha mti gani, ni ngapi, kimoja ni bei gani. Na hii jumla ni shilingi, dola ama mahindi?”

Akanifundisha pale pale, huku nimesimama. Jina na anwani ya anayeuza na ya anayenunua, kamili, si sanduku la posta nusu. Namba ya invoisi na tarehe. Kila aina ya bidhaa na mstari wake, pamoja na ile namba ya ushuru ambayo dunia nzima hutumia kuitambua bidhaa. Idadi, bei ya kimoja, jumla, na sarafu yake. Nchi bidhaa ilikotengenezwa. Bei imeishia wapi: ni ya hapa uwanjani Nairobi na nauli ya ndege iko juu ya mnunuzi, ama imebeba kila kitu hadi mlangoni kwake. Idadi ya masanduku na uzito wake. Halafu sahihi.

“Na hii karatasi,” akasema, “lazima iseme kitu kimoja na orodha ya kufungia mizigo, na ile hati ya ndege ya kusafirishia mzigo, na kile nitakachoingiza kwenye mtandao wa forodha. Moja ikisema tofauti, tumesimama.”

Nilishika. Sikuandika popote, lakini nilishika. Kwa hivyo siwezi kusema sikujua.

Mzigo huu wa Ujerumani tuliufunga Jumanne. Binti alikuja mwenyewe karakana, akahesabu kila kitu, tukapima masanduku tisa moja moja kwenye mizani. Kabla ya kuondoka akaniuliza, “Mzee, hii ndiyo hesabu ya mwisho?”

“Mimi nimefunga masanduku kabla mama yako hajakuota.”

“Sijauliza hiyo. Nimeuliza kama hii ndiyo hesabu ya mwisho.”

“Ni ya mwisho.”

Jumatano jioni nilifungua sanduku la nne nikatia viboko kumi na viwili, nikafungua la saba nikatia kumi na viwili vingine. Nikabandika tena utepe wa gundi, nikalala vizuri sana.

Kwa nini? Kwa sababu ya nyongeza. Sisi tumekua hivyo. Mwanamke akinunua nyanya Muthurwa hafungi mfuko kabla muuzaji hajamtupia moja ya juu. Mteja akichukua vinyago kumi, cha kumi na moja ni salamu. Nilipokuwa nikichuuza vinyago kwa mguu, hiyo nyongeza ndiyo iliyoniletea wateja waliorudi. Sasa mama wa watu ananunua viboko mia moja, nimtumie mia moja kamili kama mtu aliyenuniwa? Na kwa vile ni zawadi, hailipiwi, niliona haihusu invoisi. Invoisi ni ya vitu vya kuuza. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilikuwa na uhakika kabisa.

Alhamisi saa tatu asubuhi tulikuwa kwenye ghala la mizigo la uwanja wa ndege, mimi na binti. Masanduku yakapanda mizani. La kwanza sawa, la pili sawa, la tatu sawa. La nne likazidi karatasi kwa karibu kilo tano. Binti akalitazama, kisha akaitazama orodha yake. La saba nalo likazidi hivyohivyo.

Afisa wa forodha alikuwa mwanamume wa makamo, mpole wa sauti, wa Magharibi mwa Kenya kwa lafudhi yake. Akaweka kidole kwenye orodha.

“Mengine yote yamelingana. Haya mawili yamenenepa. Yafunguliwe.”

Binti akaanza kueleza kwamba huenda mizani ya karakana ina kasoro. Nikaona anasema uongo kwa ajili yangu bila kujua ni uongo, na hapo nikashindwa kunyamaza.

“Mizani haina kosa. Ni mimi. Kuna viboko kumi na viwili vya ziada katika kila moja ya hayo mawili.”

Binti akageuka polepole. “Mzee. Umenichoma.”

“Ni nyongeza.”

“Nyongeza?”

“Zawadi. Siuzi. Huwezi kuandika zawadi kwenye invoisi.”

Afisa akacheka, si kwa dharau. “Mzee wangu, hata mimi nikinunua sukumawiki nadai nyongeza. Lakini ndege haijui zawadi. Kitu kikiwa ndani ya sanduku na hakiko kwenye karatasi, mimi nakiita kitu kilichofichwa. Leo ni kiboko. Kesho mtu atafunga pembe ya ndovu katikati ya viboko, aniambie ni nyongeza.”

Maneno hayo yaliniingia. Mimi sijawahi kuitwa mwizi.

Masanduku yakafunguliwa, viboko vikahesabiwa. Mia moja kwenye karatasi, mia moja na ishirini na vinne mezani. Afisa akaandika ripoti yake, kisha akaniambia nina njia mbili. Ya kwanza, nitoe vile ishirini na vinne mbele yake, vihesabiwe upya, tuendelee na karatasi zilizopo. Ya pili, virudi ndani, lakini kila karatasi ibadilishwe: invoisi, orodha ya kufungia, hati ya ndege, na maombi kwenye mtandao yarekebishwe, naye asubiri yakubaliwe kabla ya kuachilia chochote. Ilikuwa saa tano.

“Vitoe,” binti akasema. “Mzee, tafadhali. Mtandao ukikwama tumekwisha.”

Nikavitazama vile viboko pale mezani. Roho ilinituma niseme nyongeza ikishatoka mkononi hairudi nyumbani. Nilikuwa nimefungua mdomo. Halafu nikawakumbuka wale kumi na wanane, ambao hakuna hata mmoja aliyenituma kuwa mkarimu kwa jasho lake. Vile viboko havikuwa vyangu peke yangu kuvigawa. Wala Krismasi ya mama wa Ujerumani haikuwa yangu kuichezea.

“Tunavitoa,” nikasema.

Nilivitoa mwenyewe, nikavipanga sakafuni, nikaziba yale matundu kwa magazeti ili vilivyobaki visigongane. Masanduku yakarudi kwenye mizani. La nne likasoma sawasawa na karatasi. La saba likawa chini kwa robo kilo; afisa akasema hilo ni la mizani, si la mtu. Wakati anamalizia, nikamuuliza nilichotaka kujua tangu asubuhi.

“Na kama ningeviandika tangu mwanzo? Zawadi inaandikwaje? Bei sufuri?”

“Hapana. Sufuri ndiyo inayoleta maswali kuliko yote, hapa na kule vinakokwenda. Kiboko hiki mwenzake ana bei, na huyu ana bei hiyohiyo. Unampa mstari wake: viboko vya jakaranda, ishirini na vinne, bei ya kimoja, thamani yake yote. Halafu unaandika ni zawadi, mnunuzi halipi, thamani ni kwa ajili ya forodha tu. Chini unaweka jumla ya thamani, na kando yake kiasi anacholipa mnunuzi.”

“Na huko kwao watamtoza ushuru kwa zawadi?”

“Huenda. Ndiyo maana umwambie kabla. Zawadi isiyoulizwa humpa mtu gharama.”

Hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja, na nimefanya biashara miaka mingi.

Mzigo uliachiliwa saa nane kasoro. Tulitoka na binti hadi kwenye geti, mimi nikiwa nimebeba gunia la viboko begani. Hapo akasimama.

“Ungeniambia Jumatano, ningeandika mstari mmoja. Dakika mbili, mzee. Mbili tu.”

“Najua.”

“Si ulisema unafunga masanduku kabla mama yangu hajaniota?”

“Nilisema. Na bado ni kweli. Lakini sasa kabla sijafungua sanduku lililofungwa nitakupigia simu.”

“Usifungue kabisa.”

“Sawa. Sitafungua.”

Akanyoosha mkono akachukua upande mmoja wa gunia, tukalibeba wawili hadi kwenye gari lake.

Jumatatu mama wa Ujerumani alituma picha ya kibanda chake, bakuli zetu zimepangwa mbele. Nikamweleza habari ya nyongeza, nikamuuliza kama anaitaka katika mzigo ujao, ikiwa na mstari wake na bei yake kwenye invoisi, na ushuru ukija ni wake. Akajibu kwamba ushuru atalipa, lakini badala ya viboko angependa miiko. Nikapeleka jibu hilo kwa wale kumi na wanane tukae tulipigie kura, kwa sababu miiko nayo ina wenyewe wanaoichonga.