Siku Nilipomjaribu Mume Wangu kwa Ndege

Siku nilipoichoka ndoa yangu, mume wangu alikuwa amesimama uani na fagio mkononi, shati nje, akipigia mawingu kelele: "Toka! Toka hapa!" Juu hakukuwa na kitu. Mimi nilikuwa dirishani, mtoto ananyonya, nimejaa hasira. Na nilichokuwa nimemwambia ni maneno mawili tu: nimeona ndege.

Kuna mume na mke fulani wa video niliokuwa nawafuata kwa simu. Sijui wanaishi wapi. Najua tu kochi lao ni jeupe, na hakuna mtoto amewahi kulikalia na mandazi. Siku hiyo yule mke alikuwa amemjaribu mumewe. Unasema umeona ndege, ovyo tu, kisha unatazama. Akijali hata kitu kidogo hivyo, anakupenda. Akinyamaza, dada, funga virago. Yule mume aliacha kijiko chake, akaja dirishani, akamkumbatia kwa nyuma. "Wapi, mpenzi? Wa rangi gani?" Nilirudia hiyo video mara nne.

Wangu alikuwa mezani anakula githeri.

"Nimeona ndege," nikasema, kwa sauti laini ambayo sikuwa nimeitumia tangu harusi.

"Mwewe?"

"Ndege tu."

"Mkubwa? Ako upande wa vifaranga?"

Kabla nijibu, kiti kilikuwa chini na yeye yuko nje. Tunafuga kuku hapa Kitengela, na mwewe alikuwa amebeba vifaranga wawili wiki hiyo. Alirudi jasho likimtoka. "Wako wote kumi na mmoja. Alienda upande gani?"

"Waulize kuku wako!"

"Mama mtoto, kwani nimefanya nini?"

"Hata hujui!"

"Sasa kama ningejua, ningeuliza?"

Hapo ndipo nilipochukua kalamu.

Niseme ukweli, hasira haikuanza na ndege. Ilianza na kunyonyesha. Mtoto wangu hunyonya polepole kama mzee anayekunywa uji wa moto, na mkono mmoja unabaki bure. Huo mkono ulishika simu. Nilitazama video moja ya mume akimpelekea mkewe chai kitandani, kwa sinia, na ua kando. Niliitazama hadi mwisho kwa sababu sikuwa na pahali pa kwenda. Kesho yake simu ikaniletea tatu. Wiki iliyofuata haikuniletea kitu kingine. Ni kama Kenya nzima wanaume walikuwa wamepiga magoti wakifunga wake zao kamba za viatu, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye niliyepewa mimi.

Hakuna siku niliyokaa nikasema, leo naanza kumlinganisha. Ilikuja kimyakimya. Mume wangu akiingia na gamubuti zake, nilikuwa nageuza shingo kutoka kwa kochi jeupe na kuona matope. Na yeye maskini hakujua yuko kwa mashindano. Wenzake walikuwa na taa, kamera na nafasi ya kurudia. Yeye alikuwa na gunia la chakula cha kuku.

Basi niliandika mashtaka kumi na mawili, nikafunga mtoto mgongoni, nikaenda Kajiado kwa wasimamizi wetu wa harusi. Hawa ni mume na mke wa makamo waliosimama nasi kanisani, na siku ile walituwekea sheria: hakuna mtu kukimbilia kwa wazazi wake kabla malalamiko yake hayajaandikwa katika daftari la wasimamizi na kutiwa sahihi. Mimi nilitaka sahihi hiyo haraka. Begi langu la kurudi kwa mama yangu lilikuwa tayari nyuma ya mlango.

Mama msimamizi alivaa miwani, akasoma kwa sauti. Mumewe alikuwa kando anakunywa chai.

"Moja. Hajawahi kunifunga kamba za viatu." Akanitazama miguu. "Binti yangu, wewe uko na viatu vya kamba?"

Nilikuwa na sandali. Hata nyumbani ni sandali.

"Haya. Nne. Hajawahi kuniletea chai kitandani. Chai ya asubuhi hupikwa na nani?"

"Na yeye. Anaacha kwa thamosi akienda kwa kuku."

"Na tangu lini thamosi ikawa kosa?"

Miaka miwili hiyo thamosi ilikuwa inanifurahisha. Nilikuwa naifungua, mvuke unanipiga uso, nasema asante peke yangu jikoni. Ilikuwa kosa tangu nilipoona sinia.

"Kumi na mbili. Alishindwa na jaribio la ndege. Hili ni gani?"

Nikaeleza. Mama akavua miwani.

"Ulimwambia umeona ndege, na akatoka?"

"Akatoka."

"Na fagio?"

"Na fagio, Mama."

"Sasa hapo alishindwa wapi?"

Mumewe alipaliwa na chai. Nilikasirika, karibu nilie. Nikamwambia Mama yeye hawezi kunielewa, amezeeka na mtu anayempenda.

Mama alivaa tena miwani. Kisha akachukua simu yake, akanionyesha picha: mimi na mume wangu kule Isinya, mbele ya maua, mkono wake kiunoni mwangu, tunacheka. Niliiweka mtandaoni mimi mwenyewe, nikaandika chini yake, "Mfalme wangu."

"Hii nilimwonyesha mzee," akasema. "Nikamwuliza yeye hunishika hivi lini."

"Siku mbili sijasalimiwa kwa hii nyumba," Baba msimamizi akasema. "Kwa sababu ya hiyo kitu."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikawaambia ukweli. Tulikuwa tumepeleka mayai. Maua si yetu, ni ya shamba la watu. Hiyo ilikuwa picha ya kumi na moja. Kila mara nilikuwa namwambia, "Cheka kama mtu anayenipenda!" na yeye anajibu, "Jua linanichoma!" Mtoto alikuwa analia chini, nikamkata asionekane kwa picha.

"Na huu mkono wa kiunoni?" Mama aliuliza, sauti imepungua.

"Nyuma yangu kulikuwa na mtaro. Alikuwa anazuia nisianguke."

Walitazamana. Baba msimamizi akasogeza kikombe chake karibu na mkewe, akammiminia chai. Mama alikipokea kama mtu anayepokea barua.

Kisha akanipa kalamu. "Kata kila kitu ulichokiona kwanza kwa simu. Kikibaki kitu, hicho ndicho tutakachomwitia mumeo."

Nilikata. Viatu, sinia, maua, ndege. Yalikatika yote kumi na mawili. Nilidhani hasira nayo itaisha. Haikuisha, ilikaa pale pale, na sasa haikuwa na sura ya mtu mwingine. Mtoto alilala mgongoni, mimi nikashika daftari, na ikanichukua muda mrefu kuliko yale yote ya kwanza. Nilichotia sahihi ni hiki:

*Kwa wasimamizi wetu. Nalalamika kuhusu mume wangu. Jioni akirudi hupitia kwa kuku kwanza. Huwaambia "Sopa!" kama wazee wa Kimaasai wanavyosalimiana, na kuwauliza wameshindaje, na husimama akiwasikiliza. Mimi hajaniuliza nimeshindaje tangu mtoto azaliwe. Hili sikuliona kwa simu, naliona kwa dirisha langu kila siku. Simwombi sinia wala maua. Naomba aniulize nimeshindaje, na asimame angoje jibu, kwa sababu ni refu. Begi langu nitalifungua akishajibu haya kwa mwandiko wake.*