Tulipu ya Mwisho ya Batoul

Katika mtaa wetu wa Blad, mjini Tetouan, Moroko, Rhimou aliishi kwa sindano tangu utoto. Maua aliyodarizi yalikwenda na maharusi wengi. Ila ua moja lilimshinda, nalo halikuwa lake.

Mdogo wake, Batoul, alikufa masika akiwa anamdarizia bintiye Oumnia kitambaa cha kufunikia kioo cha chumba cha harusi. Alikimaliza chote isipokuwa tulipu moja ya pembeni, yenye majani yaliyopinda kama mwezi mchanga. Oumnia akaja nacho kikiwa bado kimewambwa kwenye kiunzi.

“Mama mkubwa, sina mwingine wa kumpa,” alisema.

Rhimou alikipokea, lakini usiku huo hakula. Yeye na Batoul walikuwa wakisalimiana Idi kwa Idi tu.

Asubuhi akakaa uani na kiunzi, akaanza jani la kwanza, akilaza nyuzi za hariri bega kwa bega, kutoka ukingo hadi ukingo. Mwanzo zilikubali. Zilipofika pale jani linapopinda, ukingo wa ndani ukajaa nyuzi hadi ukavimba kama kovu, na kwenye ule wa nje nyuzi zikaachana, kitambaa kikachungulia. Akafumua. Akavuta uzi zaidi, na kitambaa kikajikunja. Akafumua tena, kwa woga sasa, maana matundu ya sindano yalikuwa yanaanza kuonekana.

Hata pale hariri ilipolala vizuri, mng'ao ulikataa. Jua lilipoingia uani, maua ya Batoul yaliwaka yote pamoja, na jani la Rhimou likabaki jeusi kati yao, kama jicho lililofumbwa. Jua lilipohama, yale yakazimika, lake likawaka peke yake. Alianza kukifunika kiunzi kwa shuka kila alipopita uani. Alimwambia mke wa kinyozi, jirani yetu, kwamba akiinama kushona husikia mtu akivuta pumzi upande wake wa kushoto. Yule mama akamwambia afukize ubani. Akafukiza. Pumzi haikuondoka.

Oumnia alipokuja kuangalia, alilitazama lile jani kwa muda.

“Mama alikuwa akishona kwa mkono wa kushoto,” alisema. “Hukujua?”

Rhimou alijua. Walipokuwa wasichana, mwalimu wao wa darizi alisema mkono wa kushoto ni wa chooni, akaamuru wa Batoul ufungwe kwa kitambaa. Aliyefunga fundo alikuwa Rhimou. Alilikaza, kisha akacheka na wenzake. Batoul hakurudi tena darasani. Alijifundisha mwenyewe ndani ya chumba, mlango umefungwa, na hakuna wa nje aliyemwona akishona.

Alipobaki peke yake, Rhimou alikigeuza kiunzi. Upande wa nyuma haujui kuficha. Akaona kwamba kwenye kila mpindo wa jani Batoul aliweka, baada ya nyuzi ndefu chache, uzi mmoja mfupi: ulianzia ukingo wa nje, ukakomea katikati ya jani, na sindano ikazama chini ya tumbo la uzi wa jirani. Kwa mbele haukuonekana. Ukingo wa nje ulijaa, wa ndani ukapumua. Akaona pia kwamba Batoul alianzia katikati ya jani, akaenda ncha moja, kisha akarudi kwenda ya pili, mlalo wa nyuzi ukigeuka kidogo kidogo kama mbavu za upepeo wa kukunja. Na nyuzi zote ziliinamia upande wa pili, upande wa mkono uliofungwa.

Akafumua jani lake kwa mara ya mwisho. Akashona mstari mwembamba kuzunguka jani, wa kuinua kingo za nyuzi, akachora kwa chaki mistari ya kuonyesha mlalo wa nyuzi, akahamishia mkono wa kulia chini ya kiunzi na wa kushoto juu. Mkono wa kushoto ulilainisha hariri kwa ubavu wa sindano, ukaipeleka chini bila kuibana, kana kwamba ulikuwa ukiisubiri kazi hiyo. Rhimou aliutazama kama mtu anayetazama mgeni akila mezani kwake.

“Nisamehe, dada,” alisema kwa sauti ndogo. Pumzi ile ilikuwepo, tulivu, karibu na sikio.

Siku ya harusi kitambaa kilining'inizwa, na tulipu zote zikawaka pamoja. Oumnia alitafuta ile ya mama mkubwa wake, akashindwa kuitambua kati ya zile za mama yake. Akalia, na wanawake wakampigia vigelegele wakidhani ni machozi ya bibi harusi.

Rhimou anashona hadi leo. Wateja wazee huigeuza kazi yake kwenye mwanga na kumuuliza kama anauza akiba ya kazi za marehemu dada yake. Amejaribu kurudi kwenye mkono wake wa kulia. Anasema umekuwa mzito, na nyuzi zake hujaa kwenye mpindo kama za mwanafunzi.

Mke wa kinyozi alimshauri aufunge ule wa kushoto kwa siku chache, wa kulia ukumbuke. Rhimou alinyanyuka, akafungua mlango, akamwomba aende.