Nyota za Kimya

Mama Bibie alikuwa fundi wa miwani. Kutwa alikuwa amekaa nyuma ya duka akichonga vioo kwa mashine, vumbi jeupe limemkaa kwenye nyusi kama mtu aliyezeeka kabla ya saa yake. Mumewe alikuwa akifanya kazi ng'ambo na kurudi kwa nadra, kwa hiyo nyumba ilikuwa juu yake, yeye na wanawe wawili: Bibie mwenye mdomo, na mdogo wake Kimya, aliyeitwa hivyo kwa sababu maneno yake ulikuwa huyapati mpaka uyachimbe.

Na alikuwepo Dada, msaidizi wa nyumbani, ambaye alimbeba Kimya mgongoni tangu hajaota jino. Lakini watoto walikuwa wamekua, na Mama Bibie aliona wanazidi kudeka. Bibie alikuwa anaweza kuita "Dada, maji!" huku ametazamana na jagi. Ndipo mwenzake wa dukani alipomwonyesha programu ya kazi za watoto.

"Unaiweka kwenye tableti, ukutani," alimwambia. "Kila mtoto na picha yake, na kazi zake. Saa ikifika, kengele inalia. Akimaliza anabonyeza, anapata nyota. Jumapili jioni wewe unaletewa muhtasari kwenye simu: nani kafanya nini, nani kakwepa."

Mama Bibie aliipenda. Aliitundika tableti jikoni, akatega kengele za mchana, saa alizodhani watoto wameshatoka shule, akarekodi na sauti yake mwenyewe, ili kengele ikishalia watoto wamsikie: "Kimya mwanangu, paka ana njaa." "Kimya mwanangu, nguo hazijakunjwa." Mwisho wa mwezi alimwita Dada, akamshukuru kwa miaka yote ile, akampa mshahara wake na wa ziada. Dada hakulia wala hakuuliza. Aliinamisha kichwa tu, akasema, "Haya, mama," akabeba begi lake. Katika haraka ya siku ile, hakuna aliyekumbuka habari ya ufunguo wa nyumba aliokuwa nao.

Muhtasari wa kwanza ulikuja kama alivyotarajia. Bibie alikuwa na nyota hapa, pengo pale. Kimya alikuwa na mapengo matupu. Mama akamsema kidogo. Jumapili iliyofuata Kimya alikuwa na nyota kila mahali: paka amelishwa, nguo zimekunjwa, viatu vimepigwa rangi.

"Umeona?" Mama akamwambia Bibie. "Mdogo wako kakuacha vumbini."

Bibie alibinua midomo. "Huyo? Mimi sijawahi kumwona hata ameshika brashi."

Mama alidhani ni wivu. Kimya alikuwa akichezea kifungo cha shati lake, macho chini.

Likizo ilipofika watoto walikwenda kwa bibi yao. Mama Bibie alibaki peke yake nyumbani, na kwa uchovu wake hakukumbuka kuzisimamisha kengele. Alikuwa anatoka asubuhi na kurudi jioni. Paka hakumlilia, naye akadhani amekula panya. Nguo alizoanua na kuzirundika kitandani alizikuta zimekunjwa. Akajiambia, kichwa changu hiki, nimekunja nikasahau.

Jumapili jioni simu ikalia. Akaufungua muhtasari huku akinywa chai.

Bibie: hakuna kazi iliyokamilika. Naam, hayupo.

Kimya: kazi zote zimekamilika.

Akaweka kikombe chini. Akasoma tena. Chini ya kila kazi programu ilikuwa imeandika siku na saa nyota ilipobonyezwa, na zote zilikuwa za mchana, yeye akiwa dukani. Siku za kazi tu. Jumamosi na Jumapili, alizoshinda nyumbani, Kimya hakuwa amepangiwa kitu.

Alikwenda chumbani kwa mtoto, akawasha taa, akavuta droo. Mashati yalikuwa yamelala moja juu ya jingine, mikono imekunjwa kwa ndani. Chini ya kitanda viatu vya shule vilikuwa viking'aa, na hakuna mguu uliokuwa umevivaa tangu shule ifungwe. Paka akapita akijisugua miguuni mwake, tumbo limejaa.

Akampigia bibi simu, akaomba aongee na Kimya.

"Mwanangu, kazi zako za hapa nyumbani nani anazifanya?"

Mama akamsikia Kimya akifunga mlango kwanza, upande ule.

"Zinafanyika," akasema.

"Najua zinafanyika. Na nani?"

"Nikikwambia utamfukuza tena."

Mama alielewa, lakini kuelewa hakukumtosha; alitaka kuona. Kesho yake aliomba ruhusa dukani. Alifunga mlango wa mbele kama kawaida, akazunguka, akaingia kwa mlango wa nyuma na kukaa kwenye ukingo wa kitanda chake, mlango wa chumba umerudishwa, akisikiliza nyumba yake mwenyewe kama mgeni.

Mchana, ufunguo ukazunguka polepole kwenye kitasa. Ndala zikavuliwa mlangoni. Miguu mitupu ikapita ukumbini bila kusita, kama inavyopita miguu inayojua kila kigae. Kisha jikoni kengele ikalia, na sauti yake, yeye Mama Bibie, ikasema kwa upole, "Kimya mwanangu, paka ana njaa."

Na sauti nyingine ikaitika, kwa adabu, "Nimesikia, mama. Nakuja."

Mama Bibie alijiziba mdomo. Alisikia bakuli la paka likiwekwa sakafuni. Akasikia kidole kikigonga kioo, na ule mlio wa furaha ambao programu humpa mtoto anapopata nyota. Kisha kicheko kidogo, cha mtu aliyesifiwa.

Alipotokea mlango wa jikoni, Dada hakushtuka. Alikuwa amefunga khanga yake kiunoni kama siku zote, ila alikuwa amekonda, macho yameingia ndani.

"Mama, umerudi mapema leo."

"Dada, unafanya nini humu ndani?"

"Si umeita?" Akaionyesha tableti kwa kidevu. "Kila siku unaita. Na mchana mtoto huwa bado yuko shule, na sasa yuko kwa bibi yake, atakusikiaje? Nilikuja siku moja kurudisha ufunguo. Nikasikia unasema nguo hazijakunjwa. Nikakunja. Kazi za Bibie nilimwachia mwenyewe, yeye ana mdomo; Kimya nimembeba mimi."

"Lakini mimi sikuwepo."

"Najua. Sauti ilikuwepo."

Walikaa mezani, na maneno yakatoka kidogo kidogo. Kwao Dada hakuwa amesema kwamba ameachishwa kazi. Asubuhi alikuwa akiamka kwenye chumba alichopanga na mwenzake, anaoga, anatoka kama mtu anayekwenda kazini, kwa sababu hakujua siku inaanzaje vinginevyo. Kuna siku Kimya alirudi mapema akamkuta, wakakubaliana mtoto asiseme.

"Mimi nilidhani nimekuaga vizuri," Mama alisema.

"Uliniaga vizuri, mama. Kosa si lako. Ila mtu akishaitwa miaka yote hiyo, masikio hayajui kuacha."

Dada akatoa ufunguo kwenye pindo la khanga, akauweka mezani bila kuombwa.

Wiki ile Mama Bibie alizunguka kwa watu anaowajua, mpaka akampatia Dada kazi ya kufua na kupiga pasi kwenye hosteli ya wanafunzi. Siku hizi, akipata nafasi, anakuja kuwaona watoto. Anabisha hodi na kusubiri afunguliwe. Kimya ana nyota chache za kweli, alizozipata kwa kununa.

Lakini kitasa Mama Bibie alikibadilisha vilevile, na hakumwambia mtu. Kisha akafuta rekodi zote, akabakisha kengele tupu. Alizifuta moja moja, na kila moja ilisikika kwanza kabla ya kufutika, naye akawa anatazama mlango wa jikoni mpaka sauti ilipokwisha.