Kisanduku cha Neno la Siri

Nilikuwa fundi wa kompyuta pekee katika ofisi ya kampuni ya tumbaku mjini Tabora, na fundi akiwa peke yake kichwa huvimba haraka. Changu kilivimba. Nilikuwa na meza pembeni ya dirisha, simu ya mezani, na kauli moja niliyoitumia kwa kila aliyenisogelea: "Umejaribu kuizima na kuiwasha?"

Karani wa mikataba alikuwa mama wa makamo kutoka Usoke. Kazi yake ilikuwa kuingiza majina ya wakulima kwenye mfumo wa kampuni kabla mbegu na mbolea hazijagawiwa. Mkulima asiyeingizwa hakupata pembejeo. Yeye mwenyewe aliajiriwa kwa msimu, na kila msimu ukiisha alisubiri kuitwa tena. Nilikuwa nikimwamkia shikamoo, naye akiitika marahaba mwanangu, kisha anarudi kwenye kazi yake. Kompyuta alijifunza akiwa mtu mzima, na aliniheshimu kuliko nilivyostahili.

Pale ofisini hukufika kwenye mtandao bila kupita kwenye proksi, ile seva ya makao makuu inayokagua nani anatoka kwenda wapi. Kwa kawaida hatukuiona. Ukishafungua kompyuta yako asubuhi kwa jina na neno la siri, kivinjari kinachukua tiketi kutokana na kule kujitambulisha kwako na kuionyesha proksi kimyakimya. Huulizwi tena siku nzima. Ila tiketi hiyo hutolewa kwa jina la proksi. Ukiweka anwani ya namba mahali pa jina, tiketi haipatikani, na proksi inafanya kama mlinzi wa getini asiyekujua: inakurushia kisanduku uandike jina na neno lako la siri.

Haya niliyajua. Nataka lieleweke hilo, kwamba niliyajua.

Siku moja majina ya seva yaligoma kutambulika, mtandao ukakatika, na kwenye benchi la mama yule walikuwa wamekaa viongozi wa vyama vya msingi, wengine wametoka Goweko tangu alfajiri. Nikaenda kwenye mashine yake, nikafuta jina la proksi, nikaweka namba. Mtandao ukarudi. Mzee mmoja akasema, "Kijana ana mikono huyu," nikatoka kifua mbele. Jioni majina yalikaa sawa. Sikurudisha.

Kesho yake mama akaja mezani kwangu.

"Mwanangu, kuna kitu kinaniuliza pasiwedi kila nikifungua."

Kurudisha jina la proksi ilikuwa kazi ya dakika mbili. Nilikuwa na chai mbele yangu. Nilikwenda, nikaandika jina lake, nikamwambia aandike neno lake la siri, kisha nikakiamuru kivinjari kilihifadhi. Tangu hapo kisanduku kilitokea kikiwa kimeshajazwa, neno la siri likionekana kama vitone vyeusi.

"Ukikiona, wewe bonyeza Sawa tu," nikamwambia. "Usiandike kitu."

"Sawa tu?"

"Sawa tu, mama. Usijisumbue."

Alishika. Sijapata kuona mtu anayeshika maagizo kama yule mama. Kwa miezi alibonyeza Sawa kila asubuhi bila kunisumbua, nami nikasahau kabisa.

Kisha muda wa neno lake la siri ukaisha. Kompyuta ikamtaka aweke jipya, akaweka, akaingia nalo vizuri tu. Alipofungua kivinjari, kisanduku kikaja na vitone vyake vya zamani. Akabonyeza Sawa. Kikarudi. Akabonyeza Sawa. Kwa proksi, kila kubonyeza kulikuwa ni mtu anayejaribu kuingia kwa neno lisilo sahihi, na majaribio yakizidi matano akaunti inafungwa. Ikafungwa. Benchi limejaa watu, yeye ameduwaa mbele ya skrini.

Alinipigia simu. Sikunyanyuka. Nilifungua akaunti nikiwa pale pale dirishani, nikamwambia, "Mama, andika pasiwedi taratibu, vidole hivyo." Wenzangu wakacheka. Baada ya saa moja ikafungwa tena. Wiki nzima tulikwenda hivyo. Kila mara nilimkemea kwa mzaha, na sauti yake kwenye simu ikawa inapungua. Siku ya nne alisema, "Samahani mwanangu, nafikiri ni mimi." Nikamjibu, "Ndiyo, mama, ni wewe."

Makao makuu waliona orodha ya majaribio. Ofisa wa usalama aliandika kwamba ama karani huyu amewapa watu neno lake la siri, ama hawezi kazi. Meneja akaniita, akaniambia nichunguze nimwandikie ofisa huyo ripoti siku ileile, kwa sababu orodha ya watakaoitwa msimu unaofuata ilikuwa inapangwa.

Ndipo nilipokwenda kuketi kwenye kiti chake. Yeye alisimama nyuma yangu. Nikafungua kivinjari, kisanduku kikaja.

"Huwa unafanyaje hapa?"

"Nabonyeza Sawa," akasema. "Si ulivyonielekeza?"

Nilifungua mipangilio na kuiona namba yangu imekaa pale. Nikaifuta, nikarudisha jina, nikafuta lile neno la siri lililohifadhiwa, nikafunga kivinjari na kukifungua upya. Kisanduku hakikuja. Ukurasa wa mikataba ukafunguka wenyewe. Mama akapiga makofi mawili madogo, akasema, "Mungu akubariki."

Kisha nikarudi mezani kuandika. Niliandika: "Mtumiaji alikuwa akituma nywila isiyo sahihi mara kwa mara. Tatizo limerekebishwa." Kila neno lilikuwa kweli, na niliyapanga hivyo makusudi. Nilijiambia funika kombe mwanaharamu apite, watamwita tu, nani mwingine anawajua wakulima wote wale? Niliogopa. Nilikuwa nimemaliza mwaka wangu wa kwanza na nilitaka wa pili.

Hakuitwa. Siku ya mwisho ya msimu ule aliniletea chupa ya asali ya kwao, akaniambia, "Wenzako wote walinicheka, wewe ndiye uliyenivumilia." Nikaipokea kwa mikono miwili. Sikuila. Nilimpa mlinzi wa zamu, naye akanishukuru sana, na hiyo nayo iliniuma.

Mwaka jana nilipanda basi hadi Usoke. Nilimkuta uani anapembua karanga. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia yote: namba, vitone, ripoti. Hakunikatiza, alisikiliza mpaka mwisho, ungo ukiwa umetulia magotini.

"Kwa hiyo haikuwa mimi," akasema.

"Haikuwa wewe, mama. Nisamehe."

Kisha akasema kwamba mwanawe alipomnunulia simu ya kisasa aliikataa, kwa kuwa aliamini ana mikono mibaya. Mjukuu wake ndiye humpigia watu.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini mbona umekuja kuniambia mimi? Aliyesoma ile ripoti siyo mimi. Rudi ukamwandikie yule."

Ofisa yule bado yupo makao makuu, na anwani yake ninayo. Mimi sasa ni mkuu wa mafundi wa kanda. Ile barua nimeshaianza mara nyingi, na mpaka leo sijaituma.