Kahawa ya Mtu Asiyekuwepo

Nimeishi miji mingi na nimefanya kazi nyingi, nyingine hazina hata jina. Nimeuza mitumba Tanga, nimechekecha mchanga Mererani bila kuona hata chembe ya bluu ya tanzanaiti, nimetangaza dawa za meno kwa kipaza sauti juu ya pikapu huko Babati. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonipeleka Arusha, katika duka la kompyuta lililokuwa nyuma ya Soko Kuu. Mwenye duka alinisikia siku moja nikinadi, akaniambia sauti yangu inapotea bure kwenye meno ya watu.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kupanda mlimani na magari yao, wakawa wanapima kahawa barabarani, mbele ya milango ya vyama vya msingi vya wakulima vilivyozoea kununua peke yavyo. Vyama vilihangaika. Bosi wetu, ambaye mpaka hapo aliishi kwa kuchapa barua za watu na kutoa fotokopi, aliona kwamba chama kinachohangaika kitanunua chochote kinachofanana na uzima.

Na alikuwa na kitu cha kuuza. Dada mmoja wa Nkoaranga, aliyesomea kompyuta Nairobi, alikuwa amemtengenezea programu ya kupokea kahawa: jina la mkulima, uzito, stakabadhi, malipo ya kwanza na ya pili. Nilimpenda yule dada kama mtu anavyompenda fundi mzuri, kwa kumtazama tu. Alikuwa ameacha kazi ya benki kwa ajili ya programu ile. Sababu yake haikuwa siri. Baba yake alikuwa mwanachama wa chama kimoja huko kwao, na kwa misimu kadhaa wanachama walipunjwa kwa njia ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyeweza kuionyesha kwa kidole: majina ya wakulima wasiokuwepo yaliandikwa, yakapimiwa kahawa ya wengine, yakalipwa. Watu wakiona malipo ya pili yamekuwa madogo walisema, "Wale hewa wameshakula." Basi yeye aliweka kufuli ndani ya programu. Karani hawezi kuandika mwanachama mpya peke yake. Lazima mjumbe aliyechaguliwa na wakulima wa kitongoji kile aje aandike neno lake la siri, ndipo jina lipokelewe. Bila yeye, mashine inakataa.

Tulipata nafasi ya kuonyesha programu hiyo kwenye mkutano mkuu wa chama kile kile cha baba yake. Bosi alimwambia wazi: wakikubali, atamfungulia chumba chake na mashine mbili, wakikataa, atarudi mezani kuchapa kadi za harusi.

Kazi yangu ilikuwa kuandika maneno. Watu hudhani kuonyesha mashine ni kuongea huku unabonyeza. Sivyo. Nilichora karatasi sehemu mbili, kushoto maneno yangu, kulia anachofanya yeye na kinachotokea ukutani kwa projekta. Mimi nitasema nikiwatazama watu, yeye atakaa kwenye mashine akinipa mgongo, kwa hiyo kila mstari wangu uliishia kwenye neno nililolipigia mstari chini, na akilisikia hilo ndipo abonyeze, si kabla. Jambo lisiloonekana halisemwi. Ukisema "hii hapa stakabadhi" na ukutani hakuna kitu, umekuwa mwongo kwa muda wa pumzi moja, na watu hawasahau pumzi hiyo. Mashine yenyewe ilikuwa nzito. Ikihifadhi jina, ukuta ulibaki kimya, na kwa kimya hicho niliandika sentensi za kungojea, ndefu kiasi cha kujaza pengo lakini zisizoahidi kitu, nikazisoma kwa sauti mara nyingi huku yeye akibonyeza, nikakata neno hapa, nikaongeza pale.

Sehemu ya kufuli ndiyo ilikuwa ngumu na ndiyo niliyoipenda. Kwanza nilisema: karani anajaribu kuandika mtu peke yake. Anabonyeza. Ukuta unakuwa mwekundu, unakataa. Halafu nakaa kimya kidogo kwa makusudi. Halafu namwita mjumbe. Tulipoirudia jioni dukani, dada alisema hapo ndipo mama zake watapiga vigelegele.

Bosi alikuja kuisikiliza akiwa na sambusa mkononi. Aliisikiliza mpaka kwenye ukuta mwekundu, akaacha kutafuna.

"Unaniandikia mahubiri," aliniambia. "Mtu anakuja kununua gari, wewe unamwonyesha breki?"

Nilimweleza kwamba hawa breki ndiyo wanayoitafuta. Akasema chama kimetupa nafasi ndogo kati ya taarifa ya fedha na chakula, na hakuna mteja anayefurahi kuona mashine ikikataa. Aliagiza kufuli litolewe kwenye nakala ya maonyesho, jina liingie mara moja, watu waone kasi. Nakala kamili ibaki dukani. Dada alibishana naye mpaka sauti ikamkauka. Mwisho akanigeukia.

"Kaka, itasomeka bila hicho kipande?"

Nikasema itasomeka. Ilisomeka kweli. Ilikuwa laini kuliko mwanzo.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa usharika, juu, mahali ambapo migomba inagusa madirisha. Tulining'iniza shuka jeupe, tukawasha jenereta nje nyuma ya jiko la akina mama. Baba yake dada alikaa karibu na mbele, koti limepigwa pasi, na kila aliyempita alimsalimia akaongeza neno kuhusu binti yake. Nilimwamkia, akaniitikia kama mtu ambaye tayari yumo kwenye sherehe.

Ilianza vizuri. Mizani ikaonekana ukutani, watu wakaguna kwa kuridhika. Nikafika kwenye mwanachama mpya. Jina lake tulilitunga mimi na dada: la kwanza la ubatizo, la pili lenye mlio wa Kimeru ambalo yeye mwenyewe alihakikisha kwamba halimhusu mtu yeyote wa pale, asije mtu akaona aibu ya kutumiwa.

Nikasema: "Tunaandika jina lake, na hapo hapo chama kinamtambua."

Kwenye neno "kinamtambua" dada akabonyeza. Jina likatokea la kijani, na namba ya uanachama pembeni. Kasi ile ile aliyoitaka bosi.

Kutoka nyuma, sauti ya mama mmoja, wala haikuwa kubwa: "Nani anamtambua?"

Mwingine akauliza ni wa ukoo gani. Mwingine akauliza shamba lake linapakana na la nani. Mimi nilikuwa na karatasi mkononi na mstari uliofuata ulikuwa mfupi, nikausoma. Mkulima wetu ameleta kahawa ya maganda, karani anapima. Dada akabonyeza kwa sababu alisikia neno lake. Uzito ukaingia. Printa ikaanza kulia, ikatoa stakabadhi ya mtu huyo mbele ya watu wote.

Mzee mmoja wa benchi la pembeni akacheka kicheko kibaya. "Kumbe ndiye huyu," alisema. "Miaka yote anakula kahawa yetu, leo ndiyo tunamwona."

Ukumbi ukachafuka. Hawakupiga kelele sana; walikuwa wanaulizana wenyewe kwa wenyewe kwa Kimeru, na katikati ya Kimeru nilisikia neno "kompyuta" likitajwa kama unavyotaja ugonjwa. Yule mama wa nyuma alikuwa amesimama. Alisema yeye amezoea kuibiwa kwa kalamu, na kalamu angalau inachelewa.

Dada aligeuka kwenye kiti akasimama. Aliwaambia jina ni la mfano tu, mtu huyo hayupo. Lilikuwa jibu la kweli na hakuna ambalo lingeweza kuwa baya zaidi. "Si ndiyo tunasema," mtu akamjibu, "hayupo, na ameshapimiwa."

Akasema kuna kufuli. Akaeleza habari ya mjumbe na neno la siri. Alieleza vizuri, kwa Kimeru, hata mimi niliyekijua nusu nusu nilielewa. Mwenyekiti akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono kuelekea shuka.

"Tuonyeshe, binti."

Ukutani palikuwa na jina la kijani. Hakuwa na kitu cha kubonyeza. Bosi alisimama haraka akasema nakala yenye kufuli iko mjini, wiki ijayo tutaileta bila shaka, na watu wakacheka tena, kwa sababu wiki ijayo waliyoahidiwa na watu wenye viatu vya kung'aa walikuwa nayo ya kutosha. Mada ikafungwa. Chakula kikaletwa. Hakuna aliyetunyima sahani. Walitupakulia nyama kama wageni wengine, na hilo lilikuwa gumu kulimeza.

Wakati tunakunja nyaya, baba yake alikuja. Hakunitazama mimi. Alimuuliza binti yake kama hilo kufuli lilikuwepo kweli.

"Lilikuwepo, baba."

"Nani alilitoa?"

"Nililitoa mimi."

Akamwambia amsalimie mwenye nyumba wake wa mjini, wala hakumkaribisha nyumbani, akashuka njia ya miguu kuelekea migombani.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Nilimjua bosi vibaya. Mvua zilipopungua, viongozi watatu wa kamati ya chama walikuja dukani. Wanachama walikuwa wamekataa, lakini kamati ina mamlaka ya kununua vitendea kazi. Bosi akawapa chai. Dada, mjinga kwa matumaini kama sisi sote, alifungua nakala kamili, ukuta mwekundu na yote. Mmoja wao aliitazama kwa adabu, kisha akasema hiyo inachelewesha kazi. Wanataka ile waliyoiona siku ile, ile ya haraka.

Bosi aliwauzia ile ya haraka.

Dada alikataa kwenda kuifunga kwenye mashine ya chama. Bosi alikwenda mwenyewe. Kitu kimoja tu dada aliomba kabla hajaondoka dukani moja kwa moja: afutiwe jina lake kwenye ukurasa wa kwanza, ule unaotokea mashine ikiwashwa, ambapo alikuwa ameandika kwa fahari nani aliyeitengeneza. Bosi alimwambia mashine imeshafungwa na haiguswi na mtu aliyeacha kazi.

Mimi nilikaa mwezi mmoja zaidi, nikatakiwa niandike maneno mengine kwa ajili ya chama cha upande wa Nduruma, yaanzie pale pale jina linapokubalika. Nilichora karatasi sehemu mbili nikashindwa kujaza ya kushoto. Nikapanda basi la Singida.

Miaka kadhaa baadaye nilipita tena Arusha, nikapanda mpaka kwao kumuulizia. Aliolewa Moshi, waliniambia, anafundisha hesabu. Baba yake nilimkuta barabarani na gunia lake, akingoja gari la mnunuzi binafsi ambaye humpunja kwenye mizani kila mtu akiona. Nilimuuliza mbona hapeleki chamani. Alisema kule kila asubuhi karani akiwasha ile mashine linatangulia jina la binti yake, ndipo yanafuata ya wale hewa, na yeye hawezi kupanga foleni nyuma ya jina hilo.